Herufi Tatu Katika Karatasi ya Mama wa Kalemie

Mama mmoja wa miaka 41 ameruhusiwa kutoka hospitali mjini Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Amevuka ziwa kwa boti hadi Kigoma, kisha akafika Dar es Salaam kwa ndugu zake, ambako anasubiri safari ya Chennai, mji wa kusini mwa India ambao wagonjwa wengi wa moyo kutoka Afrika Mashariki wanaujua kwa jina hata kama hawajawahi kuuona. Mkobani ana maboksi ya dawa, picha ya eksirei iliyokunjwa vibaya, na karatasi ya kuruhusiwa hospitali yenye ukurasa mmoja. Karatasi hiyo imeandikwa kwa Kifaransa. Daktari atakayeipokea Chennai anafanya kazi kwa Kiingereza.

Mgonjwa na mfasiri wanazungumza Kiswahili, kila mmoja cha kwao, na wanaelewana. Mdogo wake mgonjwa, aliyemsindikiza, anaeleza ugonjwa kabla hajaulizwa: "Docta alisemaka dada iko na tansio, na mutima inachoka." Ni maelezo ya kweli kabisa. Lakini kazi ya mfasiri ni kuhamisha kile daktari alichokiandika, na kati ya maneno ya mdogo mtu na maandishi ya daktari kuna pengo ambalo makosa hupenda kuingilia.

Mgonjwa huyu na karatasi yake vimetungwa kwa mfano, ili siri ya mtu yeyote isianikwe. Vifupisho vilivyomo, hata hivyo, ni vile vile vinavyoandikwa kila siku na madaktari waliosomea Kifaransa. Sehemu yake ngumu inasomeka hivi:

```
ATCD : HTA, IVG 2019, G5P4A1
       angines à répétition (enfance)
TA 18/10    Créat 18 mg/L
Écho rénale : RAS
TBC à éliminer
Lasilix 40 mg : 1 cp/j
Digoxine 0,25 mg : 1 cp 1 j/2
```

Mfasiri mzoefu haanzi kwa kufasiri. Anaisoma karatasi yote mara moja, juu hadi chini, akiwa na penseli mkononi, na anagawa yaliyomo mafungu mawili: anayoyajua kwa hakika, na yale anayodhani anayajua. Fungu la pili ndilo linalohitaji muda. ATCD, kwa mfano, ni la kwanza bila ubishi: ni historia ya magonjwa ya nyuma ya mgonjwa. HTA nayo haina shida, ni shinikizo la juu la damu, ile ambayo mtaani huitwa presha na Kongo huitwa tansio. Anaziandika kwa urefu, maana kifupisho cha Kifaransa hakimsaidii kitu daktari wa Chennai. Kisha penseli inafika kwenye IVG na kusimama.

Kwa Kifaransa cha hospitali, herufi hizo tatu zina maana mbili, na zote zinatumika sana. Wodi ya moyo huzitumia kwa hali ya upande wa kushoto wa moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo. Wodi ya wanawake huzitumia kwa utoaji mimba wa hiari. Kama zingekuwa kwenye karatasi ya mzee wa kiume, jibu lingekuwa wazi. Kama zingekuwa kwenye sehemu ya ugonjwa uliomlaza mgonjwa safari hii, pia lingekuwa wazi, kwa sababu mama huyu amelazwa kwa moyo. Lakini ziko kwenye historia, mbele ya mwaka 2019, kwenye karatasi ya mwanamke ambaye wakati huo alikuwa bado katika umri wa kuzaa.

Na pembeni yake pana chambo. G5P4A1 ni hesabu ya uzazi: mimba tano, uzazi mara nne, na A moja, yaani mimba moja iliyotoka. Anayetafuta jibu la haraka ataunganisha vitu viwili: mimba moja ilitoka, na herufi IVG zinaweza kumaanisha mimba kutolewa, basi mambo yamekamilika. Tatizo ni kwamba ile A kwa Kifaransa haibagui. Inahesabu mimba iliyotolewa na mimba iliyoharibika yenyewe, bila kusema ipi ni ipi. Kwa hiyo hesabu ile haithibitishi chochote kuhusu IVG.

Gharama ya kukosea hapa iko pande mbili. Mfasiri akiandika kwamba mgonjwa alitoa mimba, na kumbe moyo wake ulishindwa kazi mwaka 2019, daktari wa Chennai atadhani ugonjwa ni wa juzi. Moyo uliochoka kwa miaka kadhaa na moyo uliochoka mwezi uliopita haviulizwi maswali yale yale, na mara nyingine havitibiwi kwa njia ile ile. Upande wa pili, karatasi hii itapita mikononi mwa watu: mdogo wake, mume wake, wakala wa safari, karani wa mapokezi. Sentensi moja isiyo ya kweli kuhusu mimba inaweza kuvunja nyumba kabla mgonjwa hajapanda ndege. Na hata kama ingekuwa ya kweli, ni siri ya mwenye mwili, si ya ukoo.

Ndiyo maana mfasiri hamuulizi mdogo mtu. Hamuulizi hata mgonjwa mbele ya watu. Anasubiri nafasi ya kuwa naye peke yake na kumwambia maneno machache: "Mama, kuna kifupisho kimoja hapa chenye maana mbili. Naomba ruhusa yako nimuulize daktari wako mwenyewe alimaanisha ipi." Mgonjwa anakubali. Namba ya simu ya daktari iko juu ya karatasi, chini ya jina la hospitali. Ujumbe unaotumwa hautaji kisio lolote, kwa sababu swali linalobeba jibu ndani yake humfanya mtu mwenye haraka aseme ndiyo na kuendelea na wodi. Unauliza tu: katika historia ya mgonjwa, IVG ya mwaka 2019 iandikwe kwa urefu namna gani? Tena unaongeza ombi moja dogo: kama inawezekana, daktari aweke na namba yake ya orodha ya kimataifa ya magonjwa.

Namba hiyo ni msaada mkubwa ambao wengi hawaukumbuki. Shirika la Afya Duniani lina orodha inayolipa kila ugonjwa alama yake, na alama hiyo haibadiliki kwa sababu lugha imebadilika. Katika toleo la kumi, ambalo bado linatumika katika hospitali nyingi, moyo kushindwa upande wa kushoto ni I50.1. Mimba iliyotolewa kitabibu ni O04. Kalemie, Dar es Salaam na Chennai wataisoma I50.1 kwa maana moja, hata kama hawana neno hata moja la pamoja.

Jibu halikuja siku hiyo. Kazi iliendelea, na mahali pa IVG pakaachwa wazi kwa alama.

Mstari unaofuata unaonekana mwepesi, na wepesi wake ndio hatari yake. Neno "angine" linafanana mno na lile ambalo Waingereza hulitumia kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha. Karatasi ni ya mgonjwa wa moyo. Jicho linataka kuona moyo, na linauona. Lakini kwa Kifaransa neno hilo likiwa peke yake ni ugonjwa wa koo, yale mafindofindo yanayovimba na kuuma mtoto anapomeza. Maumivu ya moyo huongezewa neno la kifua nyuma yake. Daktari wa Kalemie ameandika kwamba mama huyu alipokuwa mtoto alikuwa akiugua koo mara kwa mara.

Kwa nini ahangaike kuandika koo la utotoni kwenye karatasi ya moyo? Kwa sababu koo linalosababishwa na bakteria fulani, lisipotibiwa, linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huacha makovu kwenye valvu za moyo ambayo huonekana miaka mingi baadaye. Daktari alikuwa anamwachia mwenzake dokezo: chunguza valvu. Mfasiri akigeuza koo kuwa maumivu ya kifua, dokezo linakufa, na mahali pake panazaliwa mtoto mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, jambo lililo nadra mno. Hapo ndipo kujua kwa nini kitu kimeandikwa humlinda mfasiri. Utoto uliowekwa kwenye mabano ungetosha kumshtua.

Maneno yanayofanana hivi yameshaumiza watu. Mwaka 1980, kusini mwa Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Familia yake ilizungumza Kihispania na ikatumia neno ambalo kwao lilimaanisha kwamba amedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Madaktari walilisikia kama neno la Kiingereza la mtu aliyelewa, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe alikuwa anavuja damu kwenye ubongo. Alipona akiwa amepooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilikadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Hakuna aliyekosa bidii usiku ule. Neno lilionekana halihitaji kuulizwa.

Baada ya IVG, mfasiri mwangalifu anaweza kuvutwa kwenye kosa la kinyume: kuacha kila kifupisho kama kilivyo, kwa hoja kwamba asichokigusa hakitamuumiza mtu. RAS inaonyesha kwa nini hilo haliwezekani. Daktari wa Kifaransa anapoandika RAS amefupisha maneno yanayomaanisha hakuna cha kuripoti. Ultrasaundi ya figo imefanyika, figo zinaonekana sawa. Kwa Kiingereza cha hospitali, herufi hizo hizo hufupisha ugonjwa: kusinyaa kwa mshipa unaopeleka damu kwenye figo.

Sasa tazama herufi hizo zimekaa wapi. Ziko mbele ya kipimo cha figo, cha mgonjwa mwenye presha ya juu, ambaye damu yake inaonyesha figo haziko sawasawa. Mtu hivyo hasa ndiye anayeshukiwa kuwa na mshipa wa figo uliosinyaa. Daktari wa Chennai akikuta herufi hizo hazijaguswa hatashtuka hata kidogo. Atatikisa kichwa kama aliyepata jibu alilolitarajia. Anaweza kusita kumpa dawa za presha zinazosaidia moyo kwa sababu baadhi yake huleta madhara mishipa ya figo zote mbili ikiwa imesinyaa. Anaweza kuagiza picha ya mishipa inayohitaji dawa ya rangi kwenye damu, na dawa hiyo huzielemea figo zilizochoka. Yote hayo kwa sababu ya neno lililokuwa likisema salama.

Kwa hiyo RAS inaandikwa kwa urefu: ultrasaundi ya figo, hakuna kasoro ya kuripoti. Hapa mfasiri hana shaka, kwa kuwa kwenye karatasi ya Kifaransa, mbele ya jina la kipimo, hiyo ndiyo kawaida yake. Tofauti kati ya RAS na IVG ni hiyo tu: moja ina maana moja katika lugha iliyoandikwa, nyingine ina mbili katika lugha hiyo hiyo. Ile ya kwanza inafasiriwa, ile ya pili inaulizwa.

Namba nazo zina lugha. Watu wengi hudhani zinavuka mpaka bila pasipoti, na kwenye karatasi hii kuna mbili ambazo hazivuki.

Ya kwanza ni presha. Waliosoma kwa Kifaransa wamezoea kutaja presha kwa sentimita za zebaki, huku wengine wakiitaja kwa milimita. 18/10 ya Kalemie ni 180/100 ya Dar es Salaam na ya Chennai. Ikiachwa vilevile, msomaji wa Chennai atajua kuna kitu hakiko sawa, maana hakuna binadamu aliye hai mwenye presha ya 18 kwa milimita. Kosa la namna hii lina nafuu yake: linapiga kelele lenyewe.

Ya pili haipigi kelele. Kreatinini ni taka inayotolewa na misuli na kuchujwa na figo. Figo zikilegea, inapanda kwenye damu. Maabara iliyompima mama huyu imeihesabu kwa lita moja ya damu: miligramu 18. India huihesabu kwa desilita, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya lita. Kwa hesabu ya India, basi, ni 1.8. Kwa mwanamke mzima kiwango cha kawaida hakizidi sana 1, hivyo 1.8 ni figo zilizopungua nguvu na zinazohitaji kuangaliwa. Lakini 18 kwa desilita ni figo zilizokwisha, mgonjwa wa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu siku hiyo hiyo. Na wagonjwa wa namna hiyo wapo, wanafika hospitalini kila wiki. Msomaji mwenye haraka anayeona 18 na asiyetazama herufi ndogo zinazofuata hana sababu ya kushtuka.

Mfasiri afanye nini? Wapo wanaosema abadili kabisa na kuandika 1.8. Hapana. Akikosea hesabu, hakuna atakayejua namba ya asili ilikuwa ipi. Njia iliyo salama ni kuacha namba ya daktari mahali pake na kipimo chake, kisha kuweka kwenye mabano namba iliyogeuzwa, na kueleza kwamba mabano ni ya mfasiri. Msomaji anaona zote mbili, na anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Kama karatasi ingesema 18 bila kipimo chochote, mabano yasingewekwa kabisa. Hilo lingekuwa swali jingine la kumpelekea daktari.

Kuna na alama moja ndogo sana: koma. Kwa Kifaransa koma hutenga desimali, kwa hiyo 0,25 ni robo. India hutumia nukta kwa desimali na koma kwa maelfu. Mfasiri anaandika 0.25, na sifuri ya mbele haiachi hata siku moja. Nukta iliyofifia kwenye fotokopi hugeuza .25 kuwa 25. Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali nchini Marekani, iliingiza kosa hilo mwaka 2004 katika orodha fupi ya maandishi yasiyoruhusiwa, pamoja na kinyume chake, yaani kuweka sifuri isiyo na kazi mwishoni, ambapo 1.0 husomwa 10.

Halafu inakuja TBC. Hicho ni kifua kikuu, na hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye neno linalofuata. Kamusi ya kawaida itasema ni kuondoa, kuangamiza. Anayelichukua hivyo ataandika kwamba kifua kikuu cha mgonjwa kinatakiwa kuangamizwa, yaani mgonjwa anacho na anahitaji dawa. Daktari hakusema hivyo. Katika mazungumzo ya madaktari wa Kifaransa, kuondoa ugonjwa ni kuufuta kwenye orodha ya yanayoshukiwa baada ya kupima. Mama alikuwa anakohoa. Maji kwenye mapafu kwa sababu ya moyo huleta kikohozi, lakini Kalemie hakuna daktari anayemwona mtu anayekohoa bila kufikiria kifua kikuu. Akaandika: kipimwe, ili tuwe na hakika kwamba hakipo.

Kwa msafiri, tofauti hiyo si ya lugha pekee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtu mwenye kifua kikuu cha kuambukiza hatakiwi kusafiri kwa ndege ya abiria, na kwa safari za saa 8 au zaidi abiria waliokaa karibu naye hutafutwa. Karatasi inayosema anacho inaweza kumzuia mgonjwa uwanjani. Karatasi inayosema hana, ikiwa hakupimwa, inawaweka wengine hatarini. Mfasiri hana ruhusa ya kusogea upande wowote. Anaandika kiwango kile kile cha hakika alichokiacha daktari: kifua kikuu kinashukiwa, uchunguzi wa kukithibitisha au kukikanusha unatakiwa. Alama ya kuuliza ikiwepo, inabaki. Neno "huenda" likiwepo, linabaki. Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu sentensi yenye shaka huonekana kama sentensi iliyofasiriwa vibaya, na mkono wa mfasiri hupenda kuinyoosha.

Swali la pili likaongezwa kwenye ujumbe wa daktari: majibu ya makohozi yalitoka?

Zilibaki dawa. Lasilix ni jina la biashara, linalojulikana na wanaonunua dawa za Ufaransa. Mfamasia wa Chennai anaweza asilitambue, au alione limefanana na jingine na kukisia. Tangu mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha majina ya dawa yasiyo ya kiwanda chochote, na kwa jina hilo Lasilix ni furosemide, dawa ya kukojoza inayopunguza maji mwilini. Mfasiri anaacha Lasilix na kuongeza furosemide pembeni. Anahakikisha kwa kusoma boksi lenyewe, kwani jina hilo huchapishwa chini ya jina la biashara kwa herufi ndogo. Ndiyo sababu wagonjwa huombwa waje na maboksi, si na karatasi peke yake.

Mstari wa mwisho ndio uliomchukua muda mrefu zaidi baada ya IVG. Cp ni kidonge. J ni siku. Kwenye furosemide, 1 cp/j ni kidonge kimoja kwa siku. Kwenye digoksini, kuna 1 j/2 mwishoni. Asiyezoea ataona moja, ataona mbili, ataona siku, na atatoka na kidonge kimoja au viwili kwa siku, au kimoja mara mbili kwa siku. Maana yake ni siku moja katika kila siku mbili: leo unameza, kesho unapumzika. Digoksini huusaidia moyo kwa kiasi kidogo sana, na kutoka kiasi kinachotibu hadi kinachodhuru si mbali. Ikizidi humtapisha mgonjwa, humvurugia macho akaona rangi ya manjano, na huuvuruga mpigo wa moyo hadi kuua. Figo ndizo zinazoitoa mwilini, na figo za mama huyu zimelegea. Daktari alimpa siku ya kupumzika kwa makusudi. Anayetafsiri mara mbili kwa siku amempa dozi mara nne ya ile aliyoandikiwa.

Mfasiri aliandika kwa maneno matupu, bila kifupisho chochote: kidonge kimoja cha miligramu 0.25, kwa mdomo, kila baada ya siku moja. Kisha akamgeukia mgonjwa, safari hii bila kumwonyesha jibu. "Mama, hivi vidonge vya boksi hili unavimezaje?"

"Naliimeza jana," akasema. "Leo napumuzika."

Jibu la daktari lilifika asubuhi ya pili, likiwa ujumbe wa sauti wenye kelele za wodi nyuma yake, kisha mstari wa maandishi. IVG ya mwaka 2019 ilikuwa moyo: mama alilazwa kwa kukosa pumzi wiki chache baada ya kujifungua mtoto wake wa mwisho. I50.1. Mimba iliyotoka ilikuwa miaka mingi kabla, iliharibika yenyewe, na haikuhusika. Makohozi yalipimwa na hayakuonyesha vimelea vya kifua kikuu. Picha ya karatasi ya maabara ilifuata.

Mfasiri hakuyapenyeza majibu hayo ndani ya matini kana kwamba yalikuwepo tangu mwanzo. Penye IVG aliandika jina la ugonjwa kwa urefu, akaweka namba ya rejea, na chini ya ukurasa akaeleza kwamba kifupisho kina maana mbili na kwamba daktari aliyekiandika amethibitisha hii, kwa tarehe fulani, akaandika mwezi kwa jina lake ili mtu asichanganye mwezi na siku. Mstari wa kifua kikuu haukuguswa: siku karatasi inaandikwa, kifua kikuu kilikuwa bado kinashukiwa. Majibu ya makohozi yalifasiriwa kwenye karatasi yao, na tarehe yao, yakafuata nyuma.

Kabla ya kuchapisha, alimwomba mtu wa pili amsomee namba zote kwa sauti kutoka kwenye tafsiri, yeye mwenyewe akizifuata kwa kidole kwenye karatasi ya Kifaransa. Walifika mwisho, wakarudia dawa. Nakala mbili zikatoka, kila moja ikibanwa pamoja na fotokopi ya karatasi ya asili. Mgonjwa alitia moja mkobani na nyingine akampa mdogo wake, akauliza safari ni siku gani. Ijumaa. Alihesabu kwa vidole kuanzia jana, kimoja cha kumeza, kimoja cha kupumzika, akafika Ijumaa, akatoa kidonge kimoja kwenye boksi na kukifunga kwenye pindo la kanga.